Kwa Nini Floridi Hufuata Mifupa na Zebaki Hufuata Salfa

Chukua neli nne za majaribio zenye maji safi. Katika ya kwanza yeyusha floridi ya sodiamu, katika ya pili chumvi ya kawaida ya mezani, ambayo ni kloridi ya sodiamu, katika ya tatu bromidi ya sodiamu, na katika ya nne iodidi ya sodiamu. Kisha dondoshea kila neli matone machache ya naitreti ya fedha. Neli ya kwanza itabaki maangavu, utadhani hukutia kitu. Ya pili itatoa mashapo meupe papo hapo, ya tatu mashapo ya rangi ya krimu, na ya nne mashapo ya manjano. Ukiongeza amonia, yale meupe yatayeyuka upesi, ya krimu yatakubali ikiwa amonia ni kali, na ya manjano hayataguswa.

Wanafunzi wa sekondari hulikariri jaribio hili kama njia ya kutambua chumvi iliyomo kwenye maji, na mtihani ukipita huliacha hapo. Swali lenye utamu huwa halijaulizwa. Floridi, kloridi, bromidi na iodidi ni ndugu wa ukoo mmoja, na kila moja ina chaji hasi moja. Kwa nini basi fedha iikatae ya kwanza na kuing'ang'ania ya mwisho? Na tofauti yenyewe si ndogo. Lita moja ya maji huyeyusha zaidi ya kilo moja na nusu ya floridi ya fedha. Kloridi ya fedha huyeyuka takriban miligramu 2 tu, na iodidi ya fedha haifikii hata sehemu moja ya mia ya miligramu.

Ukirudia jaribio kwa kalsiamu badala ya fedha, mambo yanapinduka. Floridi ndiyo inayotulia chini kama mashapo, na hao ndugu zake wengine watatu wanabaki wameyeyuka. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba iodidi ni mshikaji hodari na floridi ni mshikaji dhaifu. Inategemea ni metali ipi inayoshikwa.

Mwaka 1963 mkemia wa Marekani, Ralph Pearson, alipendekeza kanuni iliyokusanya mifano ya aina hii mahali pamoja. Wengine walishaanza kuona mpangilio huo kabla yake: Ahrland, Chatt na Davies walikuwa wamezigawa metali katika makundi mawili mwaka 1958. Pearson aliyapa makundi hayo majina yaliyoshika hadi leo, asidi ngumu na asidi laini, halafu akazigawa besi kwa namna hiyo hiyo. Kanuni yake ni fupi: kigumu hupendelea kigumu, na laini hupendelea laini.

Neno asidi hapa lina maana pana kuliko ile ya ndimu na siki. Tangu Gilbert Lewis alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1923, wakemia huita asidi kitu chochote kinachopokea jozi ya elektroni, na besi kitu chochote kinachoitoa. Ayoni ya metali imepoteza elektroni zake, hivyo ni mpokeaji, yaani asidi. Kile kinachoijia na jozi ya kutoa ndicho besi, na kikishajishikiza kwenye metali huitwa ligandi. Maji ni ligandi, amonia ni ligandi, sianidi ni ligandi, na protini za mwili wako zimejaa ligandi.

Ugumu na ulaini hauna uhusiano na kugusa kwa mkono. Fikiria wingu la elektroni linaloizunguka ayoni. Katika ayoni ndogo yenye chaji kubwa, mfano alumini yenye chaji tatu, Al³⁺, elektroni zilizobaki zimebanwa karibu na kiini na wingu halipindiki. Hiyo ni ngumu. Katika ayoni kubwa yenye elektroni nyingi za nje na chaji ndogo, mfano fedha, Ag⁺, au zebaki, Hg²⁺, wingu huvutika na kubadilika umbo kama donge la unga wa chapati chini ya kidole. Hiyo ni laini. Besi nazo ni hivyo hivyo. Floridi ni ndogo na imejibana, wakati iodidi ni kubwa na wingu lake limelegea.

Vigumu viwili vinapokutana, kinachovishikisha zaidi ni mvuto wa chaji, chanya kwa hasi, na kwa kuwa vyote ni vidogo vinasogeleana sana. Laini mbili zinapokutana, mawingu yao huingiliana na elektroni zikamilikiwa kwa ubia. Kigumu kikikutana na laini, hakuna upande unaopata anachokitaka. Kigumu kinataka chaji iliyokusanyika mahali pamoja, na laini inataka mwenzi wa kushirikiana naye elektroni.

Ukitaka kubashiri, anza na ligandi na uulize atomu ipi ndiyo inayotoa elektroni. Floridi na oksijeni ni ngumu, pamoja na vyote vinavyoshika kwa oksijeni: maji, fosfeti, kaboneti na asidi za matunda. Salfa, fosforasi, iodidi, na kaboni iliyomo kwenye sianidi ni laini. Naitrojeni iko katikati, na kloridi hukaa upande wa vigumu ingawa si sana. Kisha tazama metali. Sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini na chuma yenye chaji tatu ni ngumu. Fedha, dhahabu, zebaki, na shaba yenye chaji moja ni laini. Risasi, zinki, na shaba yenye chaji mbili ziko mpakani. Angalia kwamba shaba imetokea mara mbili. Ikiongezewa chaji inajibana zaidi na kusogea upande wa ugumu, kwa hiyo kutaja jina la metali bila kutaja chaji yake hakutoshi.

Namba zinathibitisha. Wakemia hupima nguvu ya mshikamano kwa kipimo ambacho kila hatua moja juu ni mara kumi. Kwa chuma yenye chaji tatu, floridi inapata takriban 6, kloridi 1.4, na bromidi nusu tu. Kwa zebaki, floridi inapata takriban 1, kloridi karibu 7, bromidi 9, na iodidi karibu 13. Hivyo zebaki huishika iodidi kwa nguvu inayozidi ile ya floridi kwa mara trilioni moja hivi.

Upande wa vigumu, hakuna mfano ninaoupenda kuliko maji ya Arusha. Kwenye miteremko ya Meru na tambarare zinazoizunguka, miamba ya volkano imetia floridi nyingi katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na maeneo mengi ya huko yanavuka kiwango hicho kwa mbali. Dalili ya kwanza ni meno ya kahawia kwa watoto waliokulia hapo. Floridi ikiwa nyingi zaidi na kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa na miguu ya watoto kupinda.

Meno na mifupa ndiyo yanayoumia, na kanuni ya Pearson inaeleza sababu. Floridi ni besi ngumu, na asidi ngumu iliyo tele kuliko zote mwilini ni kalsiamu, ambayo imehifadhiwa humo. Madini ya mfupa yameundwa kwa kalsiamu, fosfeti na haidroksidi, vyote vigumu. Floridi huingia, huing'oa haidroksidi na kukaa mahali pake, kwa kuwa zinakaribiana kwa ukubwa na chaji ni ile ile.

Hata sababu ya floridi kubaki ndani ya maji hayo inatokana na kanuni hii. Kwenye maji yenye kalsiamu ya kutosha, kalsiamu huinasa floridi na kuishusha chini kama mawe. Lakini maji ya Bonde la Ufa yana magadi mengi, na magadi ni kaboneti. Kaboneti nayo hushika kwa oksijeni, kwa hiyo ni ngumu. Inaiwahi kalsiamu na kuitoa majini kama chokaa, kisha floridi inabaki imekosa wa kuishika, ikielea hadi ndooni.

Sasa fikiria unatafutiwa chujio la maji hayo. Mtu akikuuzia mkaa wa kawaida wa kuni, unaweza kukataa kabla ya kupima, maana hauna asidi ngumu ndani yake ya kuivuta floridi. Kuchemsha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mvuke unatoka na floridi inabaki kwenye maji yaliyopungua. Unachohitaji ni metali ngumu, tena iliyo rahisi kupatikana. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kilishughulikia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na Wakenya wa Nakuru nao wameitumia. Mfupa unabaki na kalsiamu na fosfeti yake, na floridi inaingia ndani yake kama ambavyo ingeingia kwenye mfupa wa mtoto. Uchomaji unahitaji uangalifu. Ukichoma kidogo, mabaki ya mafuta na nyama yanatia maji harufu na rangi. Ukichoma kwa moto mkali mno, vitundu vidogo vya ndani huziba na mfupa hupoteza uwezo wake. Na nafasi zikishajaa, maji hupita na floridi yake yote bila kubadilika ladha wala rangi, kwa hiyo hakuna namna ya kujua isipokuwa kupima.

India wana njia nyingine, iliyoanzia Nalgonda, ya kutumia shabu na chokaa. Shabu inaleta alumini, na alumini ni ngumu kuliko kalsiamu. Ila hapo ugumu unaweza kukugeuka. Alumini na floridi hupendana kiasi kwamba sehemu yao hubaki imeyeyuka majini kwa pamoja badala ya kutulia chini, na mtu anayekosea vipimo huishia kunywa zote mbili.

Tuvuke sasa hadi upande wa laini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Kanda ya Ziwa huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, hukamua donge linalopatikana, kisha hulichoma ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna chaji, na ndiyo maana unapenya kwenye mapafu kirahisi. Ndani ya damu hugeuzwa kuwa Hg²⁺, na hapo ndipo uchaguzi wa ligandi unapoanza.

Damu imejaa wagombea. Maji yapo kila mahali, kloridi ni nyingi, na kuna fosfeti na kaboneti. Salfa iliyo tayari kushika ni kidogo ukilinganisha, nayo imo hasa katika kisteini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Anayehesabu kura atasema kloridi itashinda. Anayeifuata kanuni atasema zebaki ni laini, laini pekee hapo ni salfa, kwa hiyo itaelekea kwa kisteini. Na ndivyo inavyokuwa. Kwenye kile kipimo cha mara kumi, kloridi mbili zinaishika zebaki kwa takriban 13, na kisteini mbili kwa karibu 40. Wingi wa kloridi hauwezi kuziba pengo hilo. Vimeng'enya vingi hutegemea salfa hiyo kufanya kazi, na zebaki ikishaikalia, kimeng'enya husimama. Figo, zinazochuja damu yote, hupata sehemu kubwa ya madhara.

Kuna jambo lingine la vitendo linalotoka hapo. Bakteria wa majini huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo nayo ni laini na hufuata salfa. Ndani ya samaki hujishikiza kwenye protini za mnofu. Kwa hiyo kuondoa ngozi na mafuta, ushauri unaofaa kwa sumu nyingine kadhaa, hakusaidii kitu hapa, na kukaanga au kuchemsha hakuivunji. Wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, walipata sumu hiyo kwa kula samaki na kombe wa ghuba yao.

Ikiwa sumu inashikwa na salfa, dawa nayo lazima iwe na salfa. Wazo hilo lilifanyiwa kazi Oxford wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kabla hata Pearson hajaandika kanuni yake. Kundi la Rudolph Peters lilikuwa likitafuta kinga dhidi ya lewisaiti, gesi ya vita yenye aseniki, ambayo nayo hufuata salfa. Walitengeneza molekuli ndogo yenye salfa mbili jirani, dimakaproli, inayoikamata aseniki kwa mikono miwili wakati protini inaishika kwa mmoja mmoja. Baadaye ilitumika kwa zebaki. Lakini dimakaproli hupenda mafuta na inaweza kuisafirisha zebaki hadi kwenye ubongo, kwa hiyo haipewi mgonjwa wa zebaki ya methili. Kanuni ilikwambia nani atamshika nani. Haikukwambia wakishashikana wataelekea wapi.

Hapo tumefika kwenye mipaka yake, na ninaona vitabu vingi vya shule hupita hapa mbiombio. Chuma yenye chaji tatu ni ngumu na sianidi ni laini, lakini zikikutana hushikamana kwa nguvu ya kutisha, na mshikamano huo ndani ya seli ndio unaoifanya sianidi iue kwa dakika chache. Haidrojeni yenye chaji, H⁺, ndiyo asidi ngumu kuliko zote, na bado hushika salfa bila tatizo. Kanuni inalinganisha wagombea wawili wanaokaribiana kwa nguvu. Mmoja akiwa na nguvu kupita kiasi kwa sababu nyingine, atashinda bila kujali ulaini. Vilevile ligandi yenye mikono mingi humzidi mwenye mkono mmoja, na hilo linahitaji kuhesabiwa kando.

Hesabu hiyo inahitajika hasa kwa risasi, metali ya mpakani. Kuna dawa mbili zinazofahamika. Ya kwanza, EDTA, ina mikono sita, minne ya oksijeni na miwili ya naitrojeni. Inaishika risasi kwa 18, nguvu ya kutosha. Tatizo ni kwamba mikono yenye oksijeni inaipenda kalsiamu pia, na kuishika kwa karibu 11. Ndiyo maana hospitalini hutolewa ikiwa tayari imeshika kalsiamu. Ikiikuta risasi inabadilishana, na kalsiamu ya damu haiguswi. Ipo pia aina yenye sodiamu tupu, yenye jina linalofanana, na hiyo huikomba kalsiamu ya damu hadi moyo kusimama. Kati ya mwaka 2003 na 2005 Marekani ilipata vifo vya namna hii, vikiwemo vya watoto, na mamlaka za afya zikatoa onyo. Zebaki nayo EDTA huishika kwa zaidi ya 21, namba inayovutia ukiisoma peke yake, lakini salfa za protini ziko juu zaidi, kwa hiyo haifai kwa sumu hiyo.

Dawa ya pili ni DMSA, yenye salfa mbili na oksijeni za pembeni zinazoifanya iyeyuke majini. Salfa haina hamu na kalsiamu wala magnesiamu, kwa hiyo inazipita na kuifuata risasi. Zinki na shaba, jirani zake wa mpakani, hupungua kidogo, jambo ambalo daktari hulifuatilia. Humezwa kwa mdomo, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 iligundulika kwamba familia zilizokuwa zikisaga mawe ya dhahabu nyumbani zilikuwa zikivuta na kumeza vumbi la risasi, kwa kuwa mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Inakadiriwa watoto wasiopungua 400 walifariki. Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu maelfu kwa DMSA.

Hata hivyo hawakuanza na dawa. Mtoto akinywa DMSA asubuhi na kutambaa mchana kwenye sakafu yenye vumbi lile lile, risasi mpya huingia kadiri ile ya zamani inavyotoka kwenye mkojo. Ikabidi udongo wa juu wa nyumba na viwanja uchimbwe na kuzikwa kwanza, kijiji baada ya kijiji. Bagega, kimojawapo cha vijiji vilivyoathirika zaidi, kilisubiri fedha za kazi hiyo hadi mwaka 2013, na muda wote huo watoto wake walikaa bila matibabu.